Kisamvu: kuchemsha sana au kutwanga vizuri?

Wapishi wa kisamvu wana kambi mbili. Moja inataka sufuria ikae motoni saa mbili au zaidi, hadi sumu yote iishe. Nyingine inalalamika kwamba moto mrefu unaua vitamini na kupunguza ubora wa protini, hivyo nusu saa inatosha. Zote mbili zinabishana kuhusu jiko, ilhali jambo kubwa linaamuliwa kabla ya moto kuwashwa.

Sumu hiyo ni sianidi, na jani la muhogo haliihifadhi ikiwa huru. Limeifunga ndani ya kemikali iitwayo linamarini, na pembeni, kwenye sehemu nyingine ya seli, kuna kimeng'enya cha kuivunja. Mchi ukipasua seli, viwili hivyo hukutana na sianidi huanza kutoka kama gesi. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo ikishaachiliwa haihitaji moto mkali kuondoka.

Linamarini yenyewe, kinyume chake, huvumilia moto. Kinachokufa upesi kwenye maji yanayochemka ni kimeng'enya. Anayechemsha majani mazima kwanza, kisha akayasaga kwenye blenda, amekiua kabla hakijafanya kazi. Sehemu ya linamarini itayeyukia majini, na kama maji hayo ndiyo mchuzi, italiwa. Hapo kambi ya moto mrefu inajidanganya: saa za ziada jikoni hazirekebishi mpangilio uliokosewa.

Chukua kilo moja ya majani mabichi. Yatwange, au yapeleke kwenye mashine ya sokoni, mpaka yawe laini bila vipande vya jani vinavyoonekana. Vipande vikibaki, humo seli hazijapasuka. Yaache yamekaa wazi kama saa mbili, yaoshe na kuyakamua, ndipo uyachemshe sufuria ikiwa wazi. Majani machanga na yale ya mpira hustahili uangalifu zaidi, maana kwa kawaida yana sianidi nyingi. Ulaini wake mdomoni usikudanganye. Magadi nayo hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini.

Kuhusu protini, kambi ya pili ina hoja nzito. Kilo hiyo ina takriban gramu 70, yaani 14 kwa kila mlaji wakiwa watano, kabla ya hasara za kuosha na kupika. Ila si yote humeng'enywa, kwa sababu ya nyuzinyuzi na tanini. Pia, kati ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ina lisini ya kutosha lakini methionini haba, na mwili huhitaji salfa kutoka kwenye asidi amino kama hiyo ili kuibadilisha sianidi iliyobaki iwe tayosianati, ambayo hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana kisamvu kwa ugali wa muhogo ni mlo ninaouhofia: sianidi inaweza kutoka pande zote mbili, na salfa ni kidogo. Ugali wa mahindi huongeza methionini kiasi. Karanga na tui hunogesha, lakini kwa pengo hili dagaa wanafaa zaidi.