Asilimia ya ndoa za mchanganyiko ikishuka, usikimbilie kusema watu wamechukiana

Wanasosholojia wakitaka kujua kundi moja linalikubali kundi jingine kiasi gani, wana njia mbili kubwa. Ya kwanza unamuuliza mtu. Ya pili unaachana na maneno unaenda kuhesabu nani kaoana na nani. Watu wengi wanaiona hii ya pili ndo ya kweli, kwamba mdomo hudanganya ila cheti cha ndoa hakidanganyi. Mi nakubaliana nusu tu. Cheti kweli hakidanganyi, lakini ile asilimia inayotengenezwa kutokana na vyeti inaweza kukupotosha vibaya sana bila mtu yeyote kusema uongo, na nitakuonyesha kwa hesabu kabisa.

Tuanze na ile ya kuuliza kwanza. Mwaka 1925 huko Marekani, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California anaitwa Emory Bogardus alitoa kipimo cha umbali wa kijamii ambacho mpaka leo kinatumika. Kina ngazi 7. Unatajiwa kundi, afu unasema ungemkubali mtu wa kundi hilo awe karibu na wewe mpaka wapi: aingie kwenye ukoo wako kwa ndoa, awe rafiki yako kwenye klabu, awe jirani mtaani kwenu, afanye kazi kama yako, awe raia wa nchi yako, aje kutembea tu aondoke, au asiingie nchini kabisa. Ndoa ni alama 1, kuzuiwa kuingia nchini ni 7. Unaambiwa ujibu haraka, kile kinachokujia kwanza, na ulifikirie kundi kwa ujumla, siyo yule mmoja unayempenda wala yule mmoja aliyekuudhi. Ngazi ya karibu kabisa uliyoikubali ndo alama yako kwa kundi lile, wanachukua wastani wa watu wote, basi.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kurudia miaka na miaka ukalinganisha. Kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani wastani wa makundi yote ulikuwa 2.14 mwaka 1926, na uliporudiwa mwaka 2001 ulikuwa 1.44. Pengo kati ya kundi linalokubalika zaidi na la mkiani lilikuwa 2.85, likashuka mpaka 0.87. Na huo utafiti wa 2001 ulifanyika muda mfupi tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Waarabu ndo walikuwa mkiani, lakini hata hao alama yao ilikuwa 1.94, yaani walikuwa karibu zaidi ya wastani wa makundi yote kule 1926. Hiki kitu kilinishangaza mwanzoni.

Sasa matatizo. Wastani wa 3 unaweza kutoka kwa watu ambao wote wamesema jirani sawa ila rafiki hapana, au unaweza kutoka kwa nusu waliosema karibu hata kwenye ukoo na nusu waliosema uraia tu mwisho hapo. Hizo ni jamii mbili tofauti kabisa na namba ni ileile, kwa hiyo mtu akikupa wastani bila kukuonyesha watu wamesambaaje, muulize. Halafu kipimo kinadhani ukikubali ngazi ya juu basi zote za chini umeshazikubali. Mara nyingi ni kweli lakini siyo lazima, kuna watu wanamtaka mtu kazini ila hawamtaki mtaani na kuna wengine ni kinyume chake. Hili linapimika: unahesabu majibu yaliyovunja mpangilio, na kawaida yakizidi kama asilimia 10 unajua ngazi zako hazijapangika vizuri kwa watu wale, usianze hata kuchukua wastani.

Ila kuna jambo ninalolipenda zaidi hapa. Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani Eugene Hartley alichapisha utafiti ambao aliwapa wanafunzi orodha ya makundi, na ndani yake akachomeka matatu ya kubuni, Wadanirea, Wapirenea na Wawalonia. Hawapo duniani. Wanafunzi wengi walijibu tu, wakawaweka mbali, na wale waliowakataa hao wasiokuwepo ndo walewale waliokuwa wanawakataa watu wa kweli. Maana yake sehemu ya umbali unaopimwa haihusu kabisa lile kundi lililotajwa, inamhusu anayejibu. Ni mtu wa aina ya kukataa wageni, umtajie yeyote.

Na ule msemo kwamba watu wakiulizwa wanajifanya wema kuliko walivyo? Si mara zote. Mwanasosholojia Richard LaPiere, miaka ya mwanzo ya 1930, alizunguka Marekani na mke na mume Wachina, wakaingia hoteli na migahawa 251, wakakataliwa sehemu moja tu. Baadaye akawaandikia barua wenye hizo sehemu akiuliza kama wanapokea wateja Wachina, na katika waliojibu zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Yaani kwenye karatasi walikuwa wabaya kuliko ana kwa ana. Kwa hiyo mdomo unapotoka kwenye tendo, unaweza kutoka upande wowote.

Haya, ndoa sasa. Chukua mji wa kufikirika wenye ndoa 500, watu 1000, waume 500 na wake 500. Kundi kubwa tuliite A lina watu 900, dogo B lina watu 100, kila kundi nusu wanaume nusu wanawake. Ndoa za mchanganyiko zipo 20, kumi mume ni A na mke B, kumi kinyume chake. Zilizobaki, 440 ni za A kwa A na 40 ni za B kwa B.

Asilimia ya mchanganyiko ni ngapi? Hapo ndo vituko vinaanza. Ukihesabu ndoa zote, ni 20 kati ya 500, asilimia 4. Ukiwahesabu watu wa B, ni 20 kati ya 100, asilimia 20. Ukihesabu ndoa zenye mtu wa B ndani yake, ni 20 kati ya 60, asilimia 33. Watu wa A je, 20 kati ya 900, kama asilimia 2. Ndoa ni zilezile, namba nne, na nimeshaona watu wanalinganisha ya nchi moja iliyohesabiwa kwa ndoa na ya nchi nyingine iliyohesabiwa kwa watu, afu wanatoa hukumu kwamba hawa ni wabaguzi kuliko wale. Na angalia, mtu wa haraka anaweza kusema B wako wazi mara tisa kuliko A, wakati kila ndoa ya mchanganyiko ina mtu mmoja wa huku na mmoja wa kule. Tofauti yote imeletwa na ukubwa wa kundi.

Kwa hiyo unatakiwa ujiulize kwanza, kama watu wangeoana kiholela bila kujali kundi ingekuwaje? Mume yeyote wa B angekutana na mke wa A mara 9 kati ya 10, kwa hiyo asilimia 90 ya B wangeoa au kuolewa nje. Ile 20 iliyoonekana kubwa kumbe ni ndogo sana. Ndo maana wataalamu wanatumia kipimo kisichoyumbishwa na ukubwa wa makundi: unazidisha ndoa za ndani kwa ndani, 440 mara 40, unagawa kwa zile za mchanganyiko zikizidishwa zenyewe, 10 mara 10, unapata 176. Ingekuwa 1 hapo hakuna anayejali kundi, na inavyopanda ndivyo ukuta unavyozidi kuwa mrefu.

Sasa fanya kundi B liongezeke, labda wamehamia wengine, wawe 300 na A wawe 700, ila ukuta ubaki uleule, 176, hakuna aliyebadilika moyo hata kidogo. Ukifanya hesabu unapata ndoa za mchanganyiko kama 16 kila upande, jumla 32. Watu wa B wanaooana na nje wanashuka kutoka asilimia 20 mpaka kama 11. Watu wa A wanapanda kutoka 2 mpaka karibu 5. Mwandishi mmoja ataandika B wanajitenga, mwingine ataandika A wamefunguka, na wote wawili watakuwa wameandika kuhusu kitu ambacho hakijatokea.

Na hili siyo la kufikirika tu. Marekani, takwimu za taasisi ya utafiti ya Pew zilizotoka mwaka 2017 zinaonyesha kwamba kati ya waliofunga ndoa karibuni, wanaooana na mtu wa kundi jingine la rangi au asili walikuwa asilimia 3 mwaka 1967, mwaka ambao Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa hizo, wakafika 17 mwaka 2015. Tangu 1980 Wazungu wamepanda kutoka 4 mpaka 11, Weusi kutoka 5 mpaka 18. Lakini wenye asili ya Asia wameshuka, 33 mpaka 29, na Walatino wamesimama palepale, 26 na 27. Waasia wamegoma kuchanganyika? Hapana bwana, katika miaka hiyo makundi hayo mawili ndo yaliongezeka sana kwa uhamiaji, kwa hiyo mtu anampata mwenzake wa kundi lake kwa urahisi kuliko zamani. Ukisoma namba hizo bila kujua hilo unatoka na hadithi iliyopinduka.

Kitu cha mwisho ambacho ndoa haiwezi kukuambia hata ukiirekebisha hesabu vipi, ni nani aliyekataa. Ndoa inahitaji wawili, ikikosekana hujui mlango ulifungwa na A au B, au kama hawakukutana kabisa kwa sababu wanasoma shule tofauti na kuishi mitaa tofauti. Kipimo cha Bogardus pamoja na ubovu wake wote kinakupa alama za A kwa B na za B kwa A peke yake peke yake, na mara nyingi hazilingani. Ila nacho kinauliza tu kuhusu kuingia kwenye ukoo kwa ndoa, hakiulizi anayeingia ni mkwe wa kike au wa kiume. Na kwenye data hizohizo za 2015 wanaume Weusi waliooa nje ya kundi ni asilimia 24, wanawake Weusi 12, wakati kwa Waasia ni kinyume, wanawake 36 na wanaume 21. Swali moja la ndoa bila kutaja jinsia haliwezi kuiona tofauti hiyo, na mi sioni sababu ya kuendelea kuliuliza hivyo.