Harusi ya Nansio: tarehe itangazwe lini, na kwa nani?

"Mdogo wangu anaoa kule Nansio, kisiwani Ukerewe, mwezi wa kumi. Ndugu wa Dar na Arusha wanataka tarehe sasa hivi waombe likizo na kujipanga na nauli. Mama hataki tutangaze chochote mpaka mambo ya mahari yaishe. Tumsikilize nani?"

Mama ana hoja, na si ushirikina kama vijana wanavyopenda kumsingizia. Tarehe ya harusi si mali ya maharusi peke yao. Wazee wa upande wa binti wakisema mahari bado, basi bado, na hakuna kadi itakayowasukuma. Paroko naye ana kitabu chake na mafundisho ya ndoa, na matangazo lazima yasomwe kanisani. Hata kwa wanaofunga bomani, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, angalau. Tarehe iliyotajwa kwenye kikao cha kwanza cha familia ni ombi tu, na nimeona harusi zikisogezwa mwezi mzima kwa sababu ya ng'ombe wawili ambao hawajafika.

Kuna hofu nyingine ambayo mama huenda haisemi. Kwetu ujumbe wa harusi, hata uandike nini, husomwa kama kadi ya mchango. Ukitupa "tunza tarehe" kwenye kundi la ukoo la watu mia na ushee, nusu watanyamaza wakisubiri waambiwe kiasi, na nusu watajihesabu kuwa wamealikwa, wao na watoto na jirani. Kamati haijaundwa, bajeti haijulikani, na tayari una wageni.

Upande wa pili nao tuupime kwa safari yenyewe. Harusi ni Jumamosi. Ndugu wa Dar anayesafiri kwa basi anaondoka Mbezi Alhamisi alfajiri, anapita Dodoma, Singida na Shinyanga, kilomita zaidi ya 1,100, anafika Mwanza usiku. Nansio iko ng'ambo, kwenye kisiwa cha Ukerewe. Analala Mwanza, Ijumaa anapanda meli, saa tatu na zaidi majini. Au anazunguka na gari kupitia Bunda mpaka Kisorya, anavuka kwa kivuko hadi Rugezi, halafu Nansio. (Daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 halimsaidii huyu, linakwenda upande wa Sengerema na Geita. Usishangae ukipigiwa simu na mtu aliyeko huko.) Jumapili anarudi Mwanza, Jumatatu anapanda basi. Siku tatu za kazi zimekwenda: Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu. Mwenye uwezo wa ndege anaokoa mbili, mradi afike Ijumaa mapema awahi meli.

Siku hizo tatu ndizo zinazoleta ugumu, kwa sababu sheria yetu ya ajira haina likizo ya harusi ya ndugu. Ile likizo fupi ya siku nne inayolipwa ni ya kuuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja. Harusi inakatwa kwenye likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kwa hesabu hiyo safari ya Alhamisi hadi Jumatatu inakula siku tano. Na mwajiri ndiye mwenye kauli ya lini uende. Muuguzi au mwalimu ambaye ratiba yao imeshapangwa hawezi kupewa ruhusa kwa kadi iliyomfikia wiki tatu kabla, hata kama bwana harusi ni mdogo wake.

Kwa hiyo mimi niko na ndugu wa Dar, ila si kwa kila kitu wanachodai. Wanachohitaji miezi minne kabla ni likizo, na labda tiketi ya ndege. Basi hata ukikata wiki mbili kabla unapata siti, maana mwezi wa kumi si Disemba. Vyumba vinahitaji mwezi mmoja hivi. Ujumbe wa mapema una kazi moja kubwa na watu wachache wa kuifanya, kwa hiyo usiende kwenye kundi. Uende kwa walioajiriwa na wanaotoka mbali, mmoja mmoja, na wakubwa wapigiwe simu kwanza. Shangazi hapewi habari ya harusi kwa ujumbe.

Na usitumwe kabla wazee hawajakubaliana mahari na paroko hajaandika tarehe kitabuni. Hapo ndipo mama ashikiliwe neno lake. Kukubaliana si kumaliza kulipa, na mara nyingi mwafaka ukipatikana tarehe haiyumbi tena. Ukumbi unaweza kusubiri wiki mbili tatu.

Ningeandika hivi:

"Shikamoo shangazi. Kama tulivyoongea, ndoa ya mdogo wetu ni Jumamosi tarehe 3 Oktoba 2026, NANSIO, Ukerewe, siyo Mwanza mjini. Tafadhali uwe umefika Nansio Ijumaa kabla ya jioni, maana Jumamosi asubuhi hutawahi ibada. Kurudi ni Jumapili. Omba ruhusa kuanzia Alhamisi tarehe 1 hadi Jumatatu tarehe 5. Tiketi ya ndege usikate mpaka tukuthibitishie tarehe 1 Agosti. Malazi tutakuletea majina na bei. Huu si mchango, kadi ya kamati itakuja yenyewe."

Kinachookoa watu humo ni maneno "siyo Mwanza mjini". Mgeni wa Arusha akisoma "Mwanza, tarehe 3" atapanga kutua Jumamosi asubuhi, na wakati yeye anatafuta teksi uwanjani, bibi harusi yuko madhabahuni ng'ambo ya maji. Ile tarehe ya kuthibitisha nayo ina sababu: tiketi za bei ya chini kwa kawaida hazirudishiwi fedha, na kubadili siku kuna malipo. Mwenye likizo anaweza kuisogeza bila kupoteza shilingi.

Kama kuna sherehe ya kumuaga binti, tuseme Mwanza siku ya Alhamisi, itajwe kwenye ujumbe huohuo na isemwe wazi nani anahusika. Wengine wataihesabu ndiyo harusi, waende hiyo na kurudi. Na ikiwa familia ni Wasabato na ndoa imepangwa Jumapili, hesabu yote ya ruhusa inasogea: Ijumaa hadi Jumanne, na meli ya kurudi ni Jumatatu.

Malazi ni mada ambayo familia hujidanganya nayo. Nansio ni mji mdogo na gesti zake zinahesabika. Kushikiwa chumba kwa simu bila kulipa chochote si kushikiwa. Atakayetangulia kufika na fedha mkononi ndiye atakayelala. Mtu mmoja wa familia aliyeko hukohuko apite gesti kwa gesti, aangalie maji na choo, alipie usiku mmoja wa Ijumaa kwa idadi ya waliokwisha kupata ruhusa, kisha wageni wamrudishie. Wazee walale nyumbani. Usiku wa Jumamosi kila mtu ajilipie.

Na mahari ikikwama baada ya ujumbe kwenda? Anzia simu na waliokwishakupewa ruhusa kazini, siku hiyohiyo, hata kama tarehe mpya haijapatikana. Mtu akijua mwezi Julai kwamba tarehe 3 imekufa, anarudi kwa bosi wake na siku zake bado zipo. Familia nyingi hungoja tarehe mpya kwanza kwa kuona aibu, na wiki nne zinapita.