Muuza maziwa wa kwenye simu

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Muheza, na mwezi uliopita aligombana na muuza vocha. Alimwambia mbele za watu kwamba vocha zake zinavuja. "Naweka elfu moja, sijampigia mtu, asubuhi nakuta 900. Kesho yake 800. Hii si vocha, ni pancha."

Yule kijana akaapa kwa kila kitu. Mama akanipigia kwa siri: njoo umwone mzee wako kabla hajaandika barua polisi.

Nilipofika, shikamoo, marahaba, nikaomba simu. Jumbe 214 hazijasomwa. Nikashuka chini, chini kabisa, nikakuta ule wa kwanza: umejiunga na mwito wa simu, shilingi 100 kwa siku, huduma itajirudia yenyewe, kujitoa tuma neno ONDOA.

"Baba, ulinunua wimbo?"

"Ndiyo. Nilimpigia rafiki yangu, badala ya kriii kriii nikasikia taarabu tamu. Sauti ikasema ukiutaka bonyeza nyota. Nikabonyeza, wakakata 100. Nimeshalipa. Yamekwisha."

Hapo ndipo nilipojifanya mwalimu wa mwalimu. Nikamwambia hukununua, umepanga. Shamba ukilinunua umemaliza, chumba unalipa kila mwezi.

"Nimepanga wimbo?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona siusikii?"

Nikakohoa. Wimbo ule anausikia anayepiga, mwenye simu hasikii kitu.

Mzee akavua miwani. "Yaani mimi nalipa 100 kila siku, 3,000 kwa mwezi, karibu kilo ya sukari, ili wewe ustarehe?"

Na kweli nilikuwa nastarehe. Kuna siku nilitamani achelewe kupokea, ubeti uishe.

Mfano wa chumba ukawa umekufa, maana mpangaji angalau analala ndani. Nikashika wa maziwa. "Baba, ukienda gengeni ukanunua lita moja, umelipa, kwaheri. Lakini yule wa baiskeli anayepita hapa alfajiri, ulimwambia mara moja tu, 'niletee.' Tangu hapo anamimina kila siku mpaka umwambie basi. Usipomwambia, anamimina na hesabu inaendelea."

"Na nikiwa sina hela?"

"Huyu wa simu hakukopeshi. Anakaa mlangoni anasubiri. Ukiingiza vocha tu, anachukua 100 yake kabla hujapiga simu."

"Aaah!" Akapiga paja. Alielewa pale pale. Kosa langu ni kwamba nilimwachia simu ajitoe mwenyewe, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi alikuwa ameandika hivi: *Ndugu wahusika, salaam. Mimi ni mzee mstaafu. Kwa heshima na taadhima naomba ONDOA wimbo wenu kuanzia leo. Wenu mtiifu.*

Jibu likaja: *Samahani, neno ulilotuma si sahihi.*

Naye akajibu: *Samahani yenu imepokelewa. Basi ondoeni.*

*Samahani, neno ulilotuma si sahihi.*

"Wana adabu hawa," akasema, "lakini hawasikii."

Ikabidi nimweleze kwamba huko hakuna mtu, kuna mashine, na mashine inataka neno moja tupu, bila salaam, kwenda kwenye namba ile ile fupi iliyotuma ujumbe. Ilimuuma sana kuandika neno moja bila hata "tafadhali". Akatuma. Jibu: *Umejitoa kikamilifu.* Nikamwambia ujumbe huo asiufute, na kesho aangalie salio asubuhi. Likibaki vile vile, muuza maziwa ameondoka kweli.

Mimi kifua mbele. Baba akanitazama. "Na wewe huna wako?"

"Sina. Nilikuwa na programu ya kujifunza Kifaransa, nikaifuta mwezi Machi."

"Ulimwambia basi?"

"Nimeifuta, baba. Haipo kwenye simu."

"Sikuulizi hilo. Umetupa sufuria. Muuza maziwa ulimwambia?"

Nikafungua duka la programu, nikagusa picha yangu, nikaingia kwenye *Payments & subscriptions*, kisha *Subscriptions*. Ilikuwa pale, inapumua. Shilingi 12,000 kila mwezi, Aprili mpaka Septemba, miezi sita. Kifaransa chenyewe ninachokijua ni *bonjour*.

"Elfu sabini na mbili," mzee akasema bila kalamu, halafu akamwita mama aje asikie.

Akaenda kumwomba radhi muuza vocha, akanunua ya elfu mbili ili kuzima maneno. Jumapili nikampigia. Kriii kriii, kriii kriii, muda mrefu, hapokei. Alipopokea akauliza, "Umesikia? Hiyo ni bure. Niliiacha makusudi uisikilize."