Kabla ya kusubiri nauli ishuke, uliza kijiweni

Mechi imekwisha, watu wanamiminika nje ya uwanja, na simu inaniambia nauli ya kwenda nyumbani ni 210. Siku nyingine safari hiyohiyo ni 100. Rafiki yangu ananiambia, "Subiri kidogo, itashuka."

Itashuka kweli. Programu huugawa mji vipande vidogo, kisha katika kila kipande hupima walioagiza gari dhidi ya magari yaliyo wazi. Wanaoagiza wakizidi, nauli inazidishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walioichunguza Uber mwaka 2015 walikuta bei ikihesabiwa upya kila dakika 5, na mara nyingi nyongeza haikudumu. Wakaona pia kwamba kuna nyakati ambapo kutembea hadi kipande cha jirani kulitosha kuipunguza. Umati wa uwanjani huleta nyongeza ya aina hiyo isiyodumu: wote wanaagiza kwa mpigo, wanaondoka, na madereva waliovutwa na bei wanafika.

Basi nikasubiri. Baada ya dakika 20 ikawa 130, nikapanda huku najipongeza kwa kuokoa 80. Kumbe hesabu yangu ilikuwa mbovu. Dereva wa teksi pale kijiweni hutaja 150 kwa safari ile, mchana na usiku. Nisingesubiri, ningelipa 150, si 210. Kwa hiyo dakika 20 za kusimama zilinipa 20 tu, na betri ikabaki asilimia nne.

Tangu hapo naanza na bei ya kijiwe. Teksi ikiwa 150 na programu kwa kawaida 100, kikomo changu ni mara 1.5. Nyongeza ikiwa chini ya hapo, naagiza. Ikipita, nauliza kwanza kijiweni, na kusubiri nakupima kwa bei ya teksi. Bodaboda wa 60 anashinda wote wawili, mradi niko peke yangu na sina mzigo. Ila bei yake ni ya mapatano. Mvua ikidondoka naye anapandisha, tena bila kuonyesha kizidishio popote, kwa hiyo tunapatana kabla sijapanda.

Mvua ndiyo inayowaponza wengi wanaosubiri. Wanaotaka gari wanaongezeka, baadhi ya madereva wanaegesha, na safari zinachukua muda mrefu kwenye foleni, hivyo magari yanachelewa kuwa wazi. Jioni watu wanapotoka kazini ni hivyohivyo, kwa sababu kila anayeondoka anafuatwa na mwingine. Hapo mimi huangalia bei mara tatu kwa dakika tano tano. Isiposhuka hata kidogo, nafunga simu na kwenda kwa yule wa 150, kama hajachukuliwa na mwenye hesabu za haraka kuliko zangu.