Kisikizi Hakijafa, Ni Mwili Umeziba

Kwa wiki mbili niliamini kisikizi changu cha kushoto, kati ya vile viwili visivyo na waya, kimekufa. Nikitoka kazini nashuka Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu mjini, rumba inapiga masikio yote mawili bila wasiwasi. Nikishaingia njia ya Dunga, pale nyumba zinapoachana na upepo wa ziwa unaanza kukupiga usoni, upande wa kushoto unaanza vituko: sauti inaruka, inarudi, inapotea tena kwa kufuata hatua zangu. Nikampelekea fundi mmoja mjini. Akavigeuzageuza kiganjani, akasema, "Bosi, hii imeisha. Chukua mpya tu." Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni kutoa pesa.

Mfuko huo ndio wenye kesi. Simu yangu hukaa mfuko wa nyuma, upande wa kulia.

Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, karibu sawa na yale yanayopasha chakula kwenye maikrowevu, ila nguvu yake ni ndogo mno. Maji huyameza mawimbi hayo, na mwili wa mtu zaidi ya nusu ni maji. Kwa hiyo simu ikiwa makalioni kulia na sikio likiwa kushoto, kati yao umesimama wewe mzima. Mjini unaokolewa na kuta: mawimbi yanagonga maduka, yanagonga matatu, yanafika sikioni kwa kuzunguka. Ukifika mahali pa wazi, cha kuyarudisha kinabaki ardhi tu, na hiyo haitoshi.

Halafu kuna visikizi, hasa vya zamani, ambavyo simu huongea na kimoja peke yake, nacho ndicho humpitishia mwenzake sauti ng'ambo ya kichwa. Huyo wa pili ndiye hukatika kwanza, na wewe unamhukumu kuwa mbovu.

Kabla ya kununua vingine, rudi palepale sauti inapokatika. Toa simu, ishike mbele ya kifua, tembea wimbo mzima. Mimi sikumaliza hata ubeti. Kushoto kulitulia kama hakukuwa na neno. Ukiona sauti bado inaruka hata hivyo, hapo ndipo uanze kushuku kisikizi chenyewe. Nta ya sikio usiisingizie: ikiziba wavu, sauti hufifia na kubaki imefifia, mjini na ziwani. Haikatiki na kurudi.

Sasa simu inakaa mfuko wa shati. Jinzi za kubana ndizo zilizotuzoesha kuiweka nyuma, na kusema kweli pale stendi ni kumwekea mwizi mezani.

Yule fundi bado ananingoja. Kila nikipita ananiuliza kama nimeamua rangi.