Sabuni ya maji kwa ndoo ya lita 20: ya kuuzwa lini?

“Nimefunzwa kutengeneza sabuni ya maji ya vyombo, lita 20 kwa mara moja, hapa nyumbani Kayole. Majirani wanaipenda na mwenye kioski anataka chupa kumi. Nianze kuuza sasa nikitafuta alama ya KEBS baadaye, ama nisubiri?”

Subiri, lakini si kwa kukaa tu. Kuna kazi ya wiki sita hivi ambayo ni lazima ifanyike hata kama alama ya ubora isingehitajika, na ndiyo itakayofanya sampuli yako ipite maabara ikifika huko.

Wanaosema anza sasa wana hoja yenye uzito. Malighafi ya ndoo moja haihitaji mtaji mkubwa, wateja wako ndani ya ploti, na mtu asiyejua kama sabuni yake itanunuliwa hana sababu ya kulipia ukaguzi wa bidhaa ambayo huenda akaiacha mwezi ujao. Tena alama yenyewe haisafishi sufuria. Kinachokosekana katika hoja hiyo ni kwamba sabuni ya maji huonekana nzuri siku inapotengenezwa, karibu kila mara. Makosa yake hujitokeza baadaye, ikiwa tayari iko jikoni kwa mtu asiyekujua.

Chukua kifurushi cha kawaida kinachouzwa katika maduka ya kemikali mjini: ungaroli kilo 1, asidi ya salfoniki nusu kilo, robo kilo ya CDE, ambayo ni kimiminika cha kuongeza povu na uzito, soda ya kupooza asidi, chumvi, rangi, pafyumu na dawa ya kuhifadhi. Ungaroli kwa kawaida ni uji mzito wenye asilimia 70 ya kiini kinachosafisha, kwa hivyo kilo yako inaleta gramu 700. Asidi ya asilimia 96 ikishapoozwa inaleta karibu gramu 500. CDE inaongeza kama gramu 200. Jumla ni kilo 1.4 ndani ya lita 20, yaani asilimia 7. Mtu akikufundisha kuufikisha mchanganyiko huohuo lita 40, umebaki na asilimia 3.5, na hakuna chumvi wala rangi itakayorudisha nguvu hiyo. Fanya hesabu hii kabla ya kupanga bei, kwa sababu kiasi cha kiini ni mojawapo ya mambo ambayo maabara hupima, na mteja naye hukipima kwa njia yake: anaona chupa imeisha kwa siku nne.

Asidi ndiyo sehemu inayodharauliwa zaidi. Katika vifurushi vingi soda huja kwenye karatasi bila kipimo, nawe unaambiwa uimwage yote. Nusu kilo ya asidi ya asilimia 96 inahitaji takriban gramu 65 za kaustiki soda, au gramu 85 hivi za soda eshi, ambayo hutoa povu jingi la gesi na hivyo inataka ndoo yenye nafasi. Soda ikipungua, sabuni inabaki na ukali wa asidi na ungaroli inaanza kuvunjika polepole. Ikizidi, ngozi ya vidole inakauka na kupasuka, na anayeosha vyombo kila siku ndiye anayeumia kwanza. Usikisie. Weka lita 10 za maji kwenye ndoo ya plastiki, mimina asidi polepole ukikoroga, kisha ongeza soda uliyokwisha kuiyeyusha katika maji baridi, kidogo kidogo, ukichovya karatasi ya kupimia pH hadi isome kati ya 7 na 8. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya soda, maana huchemka na kuruka usoni. Vaa glavu na miwani, na kama unaishi chumba kimoja na watoto, kazi hii haifai kufanyiwa humo.

Ungaroli iingie tu baada ya asidi kupoozwa. Ikikutana na asidi mbichi inaharibika, na ukiitilia maji kidogo kidogo inageuka madonge kama jeli ambayo hukataa kuyeyuka hadi kesho yake. Ndiyo maana wengi huikoroga kwanza na chumvi kidogo mpaka iwe nyeupe na laini, ndipo waongeze maji. Chumvi hiyo ihesabiwe kwenye jumla.

Sasa chumvi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ndoo nyingi hupotea. Chumvi huifanya sabuni iwe nzito mpaka kiwango fulani. Ukivuka hapo, inageuka ghafla: inakuwa nyepesi kama maji na kuingia ukungu. Mtengenezaji akiona imelegea anadhani chumvi haijatosha, anaongeza, na inazidi kulegea. Kifurushi chenye kilo nzima ya chumvi kwa lita 20 kinakupa asilimia 5, na mchanganyiko wa aina hii mara nyingi hufika kilele chake kwenye asilimia 2 au 3.

Njia ya kujua kilele chako ni rahisi. Kabla ya kutia chumvi kwenye ndoo, chota lita 1 na uigawe katika vikombe vitano vya mililita 200. Tia gramu 1, 2, 4, 6 na 8 za chumvi, kikombe kimoja kimoja, ukitumia mizani ndogo ya jikoni. Koroga, funika, acha hadi kesho povu litoke. Tuseme kikombe cha gramu 4 ni kizito na angavu, cha gramu 6 ni kizito kidogo zaidi lakini kimeanza ukungu, na cha gramu 8 kimelegea. Chagua cha 4. Kwa lita 20 hiyo ni gramu 400. Ikiwa ulikoroga ungaroli na chumvi kwanza, chumvi hiyo tayari imo kwenye vikombe, kwa hivyo usiitoe kwenye gramu hizo 400, bali ijumlishe unapohesabu asilimia ya chumvi yote. Usikimbilie kilele chenyewe, kwa sababu baridi ya Julai huigeuza sabuni iliyo ukingoni na asubuhi unaikuta imeingia ukungu. Na ieleweke: uzito ni wa macho ya mteja. Sabuni ya asilimia 3.5 inaweza kutiwa chumvi ikamwagika kama asali.

Jambo la pili linalojificha ni kuoza. Sabuni ya maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na vijidudu huishi ndani yake vizuri, hasa ukitumia maji ya kisima yasiyo na klorini au mitungi iliyosuuzwa tu. Baada ya wiki tatu au zaidi, pafyumu inapotea, harufu ya mayai yaliyooza au ya uchachu inatokea, sabuni inalegea, na chupa inavimba. Wengine hutia benzoeti ya sodiamu na kujiona salama, wakati dawa hiyo hufanya kazi katika hali ya asidi tu, chini ya pH 5.5 hivi. Kwenye sabuni ya pH 8 ni kama haipo. Formalini inafanya kazi, lakini mvuke wake unachoma macho na koo, na tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiorodhesha kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hatuoni sababu ya mtu kuivuta akiwa jikoni kwake. Kuna dawa za kundi la isothiazolinoni, zinazouzwa kama maji yenye asilimia 1.5. Mililita 1 kwa kila lita, yaani 20 kwa ndoo yako, inatosha kwa kawaida. Soma lebo ya dawa uliyouziwa, itie sabuni ikiwa imepoa, na usizidishe, maana ikizidi huleta mzio wa ngozi.

Ndipo wiki sita zinapoanza. Jaza chupa tatu kutoka ndoo hiyohiyo. Moja ikae dirishani panapopigwa jua, moja kabatini, na ya tatu uitumie kila siku kwa mikono yenye maji, kama mteja atakavyofanya. Kila Jumapili andika rangi, harufu, uzito na pH ya kila chupa. Ikiwa ile ya tatu imebadilika harufu na ya kabatini haijabadilika, dawa ya kuhifadhi ni dhaifu. Ikiwa ya dirishani pekee imepauka, tatizo ni rangi au chupa inayopitisha mwanga. Andika pia tarehe na nambari ya kila ndoo, la sivyo ukipata malalamiko hutajua ni ipi ya kuirudisha.

Chupa nayo ina mjadala wake. Chupa za soda na maji ya kunywa ni rahisi kupata, na wauzaji wengi hawaoni ubaya. Tunaupinga mtindo huo bila kusita: mtoto wa miaka mitatu haoni sabuni, anaona kinywaji chenye rangi. Chupa ya chapa ya mtu mwingine nayo inakuingiza katika kesi ya bidhaa bandia. Nunua chupa mpya na upime mililita kwa chombo chenye alama, baada ya povu kutulia, kwa sababu kiasi kilichoandikwa kwenye lebo ni suala la sheria ya mizani na vipimo. Na ukishawishika kutengeneza pia dawa ya kung'arisha nguo, ile ya klorini, tungependa uiache kabisa kwa sasa: hutoa gesi, hufifia kwa joto na mwanga, na ikichanganyika na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya sumu.

Kuhusu alama, bidhaa inayotengenezwa nchini na kuuzwa inapaswa kuwa na kibali cha KEBS chini ya Sheria ya Viwango, Sura ya 496. Mwenye kioski anaweza kuipokea bila alama, lakini anayepoteza mali mkaguzi akipita si yeye peke yake, na supamaketi au shule haitakusikiliza bila kibali. Gharama ni halisi kwa mtu wa ndoo mbili kwa wiki, kwa hivyo uliza mapema katika ofisi zao za Barabara ya Popo kuhusu mpango wa wafanyabiashara wadogo, na uombe kiwango kinachohusu sabuni ya vyombo hasa. Kibali hutolewa kwa bidhaa iliyotajwa, hivyo sabuni ya mikono ni ombi jingine. Anza na moja. Mkaguzi ataangalia pia mahali unapotengenezea, na hapo jikoni panapopikiwa ndipo wengi hukwama. Kibanda kidogo chenye sakafu ya kuosheka na mlango unaofungwa kina faida kuliko lebo ya kupendeza.

Kama mfuko hauruhusu ombi hilo bado, peleka sampuli moja ipimwe kwa malipo katika maabara kama ya KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, uulizie kiini, pH na uthabiti. Ripoti ikionyesha kiini ni pungufu, ongeza ungaroli nusu kilo, ambayo ni gramu 350 za kiini, na ufanye tena majaribio ya vikombe vitano kabla ya kutia chumvi, kwa sababu kilele kitakuwa kimehama.