"Dk. kajulishwa." Saa ngapi?

Wiki iliyopita nimekaa kwenye kikao cha kupitia faili la mama aliyetoka damu usiku baada ya kujifungua. Mama mzima, Mungu mkubwa. Ila nilitoka pale nimefura, na kilichonifurisha ni mstari huu:

"Saa 2:10 mama anatoka damu nyingi. Dk. kajulishwa. Hali nzuri."

Muuguzi anasema hiyo ni saa nane na dakika kumi usiku, kaandika kwa saa ya Kizungu. Daktari anasema aliambiwa saa mbili asubuhi akipita raundi. Mstari unawakubalia wote wawili! Na dada wa watu alikuwa amehangaika kweli: kasugua mfuko wa uzazi, kachoma oksitosini, kapiga simu. Kwenye mstari ule hakuna hata kimoja. Mkifika mahakamani, wakili ataanza kwa kuuliza: kama ulifanya, mbona hukuandika?

Halafu "damu nyingi" ndiyo kiasi gani? Na hiyo "hali nzuri" ya mtu anayetoka damu nyingi aliipima nani?

Angeandika hivi:

"02:10. Pedi 2 zimelowa chapachapa ndani ya dakika 30, kuna mabonge. Presha 90/50, mapigo 122. Mfuko wa uzazi umelegea, nimeusugua, umekaza. 02:14 oksitosini yuniti 10 kwenye msuli. 02:16 nimempigia daktari wa zamu, nimemtajia vipimo, amesema anakuja. 02:30 presha 100/60, mapigo 108, damu imepungua. Daktari hajafika, nimempigia tena."

Chini jina, cheo, saini. Angalia hakuna "daktari mzembe" humo. "Hajafika, 02:30" inatosha, tena inauma zaidi.

Haya, najua. Mko wawili, wodi imejaa, mikono ina damu, kalamu utaishikaje? Nakubali, shingo upande. Mgonjwa kwanza. Mimi hubandika kipande cha plasta kwenye aproni, naandika saa na namba tu, nikitulia nahamishia kwenye faili. Anayesubiri saa moja asubuhi ndipo aandike wagonjwa wote kwa mkupuo, huyo anatunga hadithi.

Ukikosea, piga mstari mmoja, neno lisomeke, weka saini na saa. Korekta iacheni kwa watoto wa shule.

Ukichelewa, sema umechelewa: "Nyongeza, 06:40. Tukio la 02:10, sikuandika wakati huo kwa kuwa nilikuwa namhudumia mgonjwa." Inaingia chini ya maandishi ya mwisho, si juu yake. Mwenzetu hakufanya hivyo. Aliposikia faili limeitwa, alichomeka "oksitosini imetolewa" kati ya mistari miwili. Dawa aliitoa kweli, namwamini. Ila mistari yote ya usiku ule ni ya wino mweusi, na hayo maneno mawili ni ya bluu.